Nilinunua laini ya Kenya, na bado rominga ikanila 48,000

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwezi ujao naenda Nairobi wiki tatu. Muziki kwangu ni kama chai, siwezi kukaa bila, hata kama ni Spotify ya bure. Niache laini yangu ya nyumbani kwenye rominga au ninunue ya huko?" Nikacheka kidogo, halafu nikanuna. Jibu la haraka ni kununua ya huko, kila mtu atakuambia hivyo. Mimi niliinunua, na hasara ikanipata vilevile.

Nashona nguo Sinza, na mara mbili tatu kwa mwaka napanda basi kwenda Eastleigh kufuata vitambaa. Safari ninayoisema ilianza vizuri. Tulipovuka Namanga, dada aliyekuwa anipokee akataka nimtumie location. Nikawasha data ya rominga kwenye laini yangu ya Dar, nikatuma, basi. Meseji ya bei ilikuwa imeshaingia: shilingi 300 kwa kila MB moja nje ya kifurushi. Niliisoma, naapa. Nikajiambia ni location tu, itakula nini?

Nairobi nikanunua laini, wakanisajili kwa pasipoti, nikaweka bando la GB 2 kwa shilingi 500 za Kenya. Kwa kiwango cha siku ile ilikuwa kama 10,000 yetu, yaani shilingi 5 kwa MB. Linganisha na 300: tofauti ni mara sitini. Nikajiona mjanja. Nikaiweka laini ya Kenya nafasi ya pili, nikaiambia simu itumie data ya hiyo, na ya Dar nikaiacha nafasi ya kwanza kwa ajili ya meseji za benki. Siku nne za Eastleigh sikuwa na shida yoyote, nilikuwa napima madira huku hedifoni zikiwa masikioni.

Balaa likaja siku ya kurudi. Mtandao nilioununua ulikuwa wa bei nafuu, unakamata vizuri mjini, ila ukishaipita Kitengela unazimia, unarudi, unazimia tena. Mimi nimeegemea dirisha, taarabu inapiga, usingizi umenichukua. Muziki haukukatika hata mara moja. Ningekuwa na akili siku ile, hilo peke yake lingenishtua, maana laini isiyo na mnara haichezi muziki.

Namanga nikataka kumpigia fundi wangu afungue duka mapema. Nikaambiwa salio halitoshi. Nilikuwa na 48,000 asubuhi ile!

Nilipiga huduma kwa wateja mpaka nikachoka. Binti akanijibu kwa sauti ya upole inayoudhi, "Dada, ni matumizi yako halali." Na kweli yalikuwa halali, ndiyo maana yananiuma mpaka leo.

Kilichotokea ni hiki. Simu nyingi za laini mbili siku hizi zina kitu cha kuhamisha data zenyewe: laini uliyoichagua ikikosa mtandao, simu inachukua data kwenye laini nyingine ili usisumbuke. Samsung yangu inakiita `Auto data switching`, kipo ndani ya `SIM manager`. Kwenye iPhone utakuta `Allow Cellular Data Switching`. Peke yake kisingeniumiza, kwa sababu laini ya Dar ikiwa Kenya haiwezi kutoa data kama rominga imezimwa. Lakini mimi nilishaiwasha pale mpakani kwa ajili ya location moja, na sikuizima. Na laini ya nyumbani ikiwa kwenye rominga haifungwi kwenye mnara mmoja, inashika wa kampuni yoyote ya kule yenye mkataba na mtandao wako. Kwa hiyo pale ambapo laini yangu mpya ilikufa, ile ya Dar ilikuwa na mtandao safi kabisa, inanisubiri.

Sasa tuhesabu, maana watu wanadhani muziki ni kitu chepesi. Spotify ukiiweka kwenye ubora wa juu sana, `Very high`, inacheza kwa kilobiti 320 kila sekunde. Hiyo ni MB 144 kwa saa. Wimbo wa dakika nne unakula karibu MB 9.6, na kwa bei ya 300 ni shilingi 2,880. Wimbo mmoja! Shilingi 48,000 ni MB 160, dakika sitini na saba za muziki, nami nilikuwa nimelala. Ningekuwa kwenye `Normal`, ambayo ni kilobiti 96, wimbo uleule ungekuwa shilingi 864. Bado ni wizi, lakini ningeamka na salio. Ubora ule wa juu niliuweka mwenyewe nyumbani, nikiwa kwenye waifai, nikasahau kwamba upande wa data una mpangilio wake na huko pia niliugusa.

Na hapa ndipo naona aibu zaidi: nalipia Spotify kila mwezi. Anayelipia anaruhusiwa kupakua nyimbo na kuzisikiliza bila mtandao kabisa, mradi tu aingie mtandaoni angalau mara moja ndani ya siku 30. Nilikuwa nalipia haki hiyo na sijawahi kubonyeza kile kimshale hata siku moja. Siku hizi usiku wa kuamkia safari naacha simu kwenye waifai ya dukani, napakua, na nikifika Mbezi kupanda basi sihitaji hata bando la Tanzania.

Kwa hiyo mdogo wangu, nunua laini ya huko, ndiyo. Lakini kabla basi halijafika Namanga ingia kwenye mipangilio, zima `Data roaming` ya laini ya nyumbani, na ukishaweka laini ya Kenya zima huo uhamishaji wa data. Usizime laini yenyewe. Kuzima data ya rominga hakugusi meseji, namba za siri za benki yangu ziliendelea kuingia kama kawaida. Ukitaka kumtumia mtu location, mwandikie jina la kituo, au omba waifai mgahawani. Nasema hivi kwa sababu mtu akishawasha "mara moja tu" haizimi, na usiniambie wewe ni tofauti.

Halafu jifunze kuangalia juu ya skrini. Kwenye simu kama Samsung yangu, laini iliyo kwenye rominga huwa na herufi R ndogo kando ya vistari vya mtandao. R kwenye laini ya Dar ukiwa Nairobi ni kawaida, isikutishe. Cha kutazama ni vile vishale vya data vinacheza kwenye laini ipi. Vikicheza kwenye ile yenye R, unalipa bei ya rominga.

Jambo moja umelitaja juu juu: unatumia Spotify ya bure, na unakaa wiki tatu. Akaunti ya bure inaruhusiwa nje ya nchi yake siku 14 tu. Baada ya hapo itakutaka ubadilishe nchi kwenye akaunti yako, au uanze kulipia. Ukibadilisha kuwa Kenya utaendelea kusikiliza, ila ukirudi Dar utairudisha Tanzania ukiwa hapa hapa. Kama unajua utazidisha hizo siku 14, mwezi huo lipia, upakue nyimbo zako kabla hujatoka nyumbani.