Takwimu Mbalimbali Haziko Kwenye Jalada Lolote

SWALI: Barua yangu kwa Wizara ya Uchukuzi ilianza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kufanya mahojiano na kupatiwa takwimu mbalimbali kuhusiana na utekelezaji wa mradi wa reli ya kisasa." Mhariri wangu amefuta "husika" akaandika "rejea". Nani yuko sahihi? — Mwandishi wa habari, Dodoma

JIBU: Mhariri wako amekaribia, lakini hakufika. Sentensi yote ya kwanza ifutwe.

Kitenzi "husu" tumekipata kwa Waarabu, na "husika" ni kuwa sehemu ya jambo, kuguswa nalo. Mtu huhusika na wizi, huhusika na msiba, huhusika na mkataba. Katibu Mkuu akiambiwa "husika na kichwa cha habari" anaamriwa awe sehemu ya maneno uliyoyapigia mstari juu ya ukurasa. Tena "kichwa cha habari" ni kile mnachoweka gazetini juu ya habari. Barua ina mada, na mada hiyo umekwisha kuitaja kwenye mstari wa "YAH:", ambao kazi yake ni kumweleza msomaji barua inahusu nini. Hakuna haja ya kumrudisha mtu mstari mmoja juu, mahali alipotoka kusoma sekunde mbili zilizopita.

"Rejea" ni neno zuri likiwekwa mahali pake, nako ni kwenye barua ya kukumbushia: "Rejea barua yangu ya tarehe 4 Agosti 2025, niliyoomba takwimu za reli." Hapo kuna kitu cha kurejea, kiko kwenye jalada, na ofisa wa masijala anajua alitafute wapi. Kwenye barua ya kwanza hakuna cha kurejea. Hata hivyo, ikiwa ofisini kwenu haiwezekani barua kutoka bila mstari huo, bakini na "rejea", maana haina madhara. Madhara yako kwenye sentensi yako ya pili, ambayo wewe hukuiuliza na mhariri wako ameiacha ipite.

"Takwimu mbalimbali." Neno hili "mbalimbali" limeingia kwenye barua, ripoti na taarifa za habari kama mchwa, na ni wakati wa kulikataa. Ni "mbali" iliyorudiwa, vitu vilivyo mbali kimoja na kingine, yaani vinavyotofautiana. Lina kazi yake ya halali. Ukisema "wahandisi kutoka nchi mbalimbali", unachotaka kijulikane ni kwamba nchi zinatofautiana, na majina yake hayana umuhimu kwa wakati huo. Lakini anayeomba takwimu hataki kumwambia Katibu Mkuu kwamba takwimu zinatofautiana. Anataka takwimu fulani, na hizo ndizo alizoacha kuzitaja.

Sababu ya neno hili kuzagaa ni ya kisarufi. Takwimu, taarifa, habari na data hazibadiliki umbo zikiwa nyingi. "Takwimu" moja ni "takwimu", kumi ni "takwimu". Mwandishi anahisi ameacha wingi ukining'inia, basi anautafutia alama. "Mbalimbali" ipo karibu, haihitaji upatanisho wa kisarufi, inabandikwa nyuma ya nomino yoyote bila kubadilika hata herufi moja. Akishaiweka anahisi amesema kitu. Ajaribu kuiondoa asome tena: "kupatiwa takwimu kuhusu mradi wa reli." Hakuna kilichopotea, na shimo lililokuwa limefunikwa sasa linaonekana: takwimu zipi?

Fikiria barua yako inavyosafiri. Inaingia masijala ya wizara huko Mtumba, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inawekwa kwenye jalada, inapanda kwa Katibu Mkuu, naye anaandika maelekezo ya mstari mmoja na kuishusha Kitengo cha Mawasiliano Serikalini. Ofisa wa kitengo hana takwimu. Lazima aziombe kwenye idara au kwa Shirika la Reli, TRC, na ili aziombe lazima aandike anachotaka. Ataandika nini? Kwa barua yako ana maneno "takwimu mbalimbali" tu. Basi anafanya kinachowezekana: anakutumia hotuba ya bajeti au kipeperushi cha mradi. Si lazima awe amekuficha kitu. Ni kama mtu aliyeingia dukani akasema "nipe vitu mbalimbali". Mwenye duka atampa vilivyo karibu na mkono.

Tuchukue mradi huohuo wa reli tuone "takwimu" moja tu, urefu. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kinatajwa kuwa kilomita 300, na pia kinatajwa kuwa kilomita 205. Zote mbili ni sahihi. Njia kuu ni kilomita 205, na kilomita 95 zilizobaki ni njia za kupishania treni na za kwenye stesheni. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora ni kilomita 422, ambazo njia kuu ni 336 na njia za kupishania ni 86. Sasa mwandishi aliyeomba "urefu wa reli" akapewa 300, akagawa gharama ya mkataba kwa 300, na mwenzake akapewa 205 akagawa kwa 205, watachapisha bei mbili za kilomita moja zinazopishana kwa karibu nusu. Wasomaji watadhani mmoja ni mwongo. Kosa limeanzia kwenye ombi ambalo halikusema "urefu wa njia kuu peke yake".

Kwenye fedha ndiko "mbalimbali" inakogharimu zaidi, kwa sababu Kiswahili cha fedha za umma kina vitenzi vyake na kila kimoja kina tarakimu yake. Fedha "zilizotengwa" ni zile zilizoingizwa kwenye bajeti. "Zilizoidhinishwa" ni zile Bunge lilizopitisha. "Zilizotolewa" ni zile Hazina ilizopeleka kweli, na huweza kuwa pungufu sana. "Zilizolipwa" ni zile zilizomfikia mkandarasi. Kisha kuna deni: hati za madai ambazo mhandisi mshauri amezithibitisha lakini bado hazijalipwa. Ukiuliza "mradi umetumia kiasi gani?" umempa ofisa ruhusa ya kuchagua tarakimu yoyote katika hizo, na hatakuwa amekudanganya. Hata kitenzi "tumika" chenyewe kina tatizo. Katika "fedha zilizotumika" haijulikani nani alimlipa nani. Andika "fedha alizolipwa mkandarasi" na tarakimu itabaki moja.

Hivyohivyo "utekelezaji umefikia asilimia ngapi?" Asilimia ya kazi iliyojengwa na asilimia ya fedha iliyolipwa ni vitu viwili, na mara nyingi havilingani, kwa kuwa mkandarasi hupewa malipo ya awali kabla hajachimba hata kifusi. Taja unayoitaka. Kisha taja tarehe. "Hadi sasa" kwenye barua ni neno hatari, maana "sasa" ya siku uliyoandika si "sasa" ya siku itakayojibiwa. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni na hesabu hufungwa hapo, basi itumie tarehe hiyo.

Barua yako ingesomeka hivi:

"YAH: MAOMBI YA TAKWIMU KUHUSU RELI YA KISASA, KIPANDE CHA MOROGORO HADI MAKUTUPORA

Mimi ni raia wa Tanzania na mwandishi wa gazeti lililotajwa hapo juu. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba takwimu zifuatazo, kwa hali ilivyokuwa tarehe 30 Juni 2025:

(a) thamani ya mkataba uliposainiwa, na thamani yake baada ya marekebisho yoyote, kwa sarafu iliyotajwa katika mkataba;
(b) jumla ya fedha alizolipwa mkandarasi, malipo ya awali yakionyeshwa peke yake;
(c) jumla ya hati za madai zilizothibitishwa ambazo hazijalipwa;
(d) asilimia ya kazi za ujenzi zilizokamilika, kwa mujibu wa taarifa ya mhandisi mshauri."

Ona kwamba hakuna kivumishi hata kimoja cha kujaza nafasi. Ofisa wa mawasiliano anaweza kunakili vipengele hivyo vinne kama vilivyo na kuvipeleka TRC bila kufikiri upya. Sarafu imetajwa kwa sababu mikataba ya vipande hivi ilitangazwa kwa dola za Marekani, na ukipewa shilingi bila kiwango cha ubadilishaji huwezi kulinganisha mwaka na mwaka. Uraia umetajwa kwa sababu sheria hiyo imetoa haki ya kuomba kwa raia. Na sheria yenyewe inataka ombi liwe na maelezo ya kutosha kumwezesha ofisa kuitambua taarifa inayoombwa; "mbalimbali" haimtambulishi chochote. Jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 30 tangu ombi lipokelewe, basi nakala yako nayo igongwe muhuri wa masijala, yenye tarehe. Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka huohuo 2016, wana siku 21.

"Kuhusiana na" pia iende. Kiambishi "-an-" kinadai pande mbili: ajali na mwendokasi vinahusiana. Takwimu ni "kuhusu" mradi, basi.

Yabaki mahojiano. Umeyafunga kwenye sentensi moja na takwimu, na hapo umejichelewesha. Takwimu hutoka kwenye makaratasi ya idara. Mahojiano hutegemea ratiba ya mkubwa. Ofisi ikipata ombi moja lenye vyote viwili husubiri ratiba, na takwimu ambazo zingetoka wiki ya pili hukaa zikimngoja mtu aliye safarini. Andika barua mbili. "Mahojiano" ni neno sahihi na la heshima. Usiandike "naomba kumhoji Mkurugenzi", maana "kuhojiwa" siku hizi kumekaa kituo cha polisi na wasomaji wa wizarani hulisikia hivyo. Mtaje kwa cheo unayetaka kuzungumza naye, taja dakika ngapi, sema kama utarekodi sauti au picha, na ambatanisha maswali matano ya "kwa nini", si ya "kiasi gani", kwa sababu hakuna mkurugenzi atakayekukariria tarakimu kwa kichwa mbele ya kinasasauti. Na usimwandikie "kwa wakati wowote utakaokuwa na nafasi". Mtu wa cheo hicho hana wakati wowote. Mpe tarehe mbili na saa, achague mojawapo.