Jibu: Mikosi na anguko la Kaizari

"Nimeorodhesha mtabiri, radi na ndoto katika tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, lakini mwalimu anasema sijaonyesha vinavyohusiana na anguko lake. Nirekebishe nini?"

Salaam ndugu. Orodha iweke kando, tazama kwanza Kaizari anajibu nini kila anapoonywa. Katika onyesho la pili la tendo la kwanza, mtabiri anamtahadharisha na tarehe 15 Machi. Kaizari anasema huyo ni mwota ndoto, anapita. Muda mfupi baadaye anamwambia Antonio kuwa Kasio, kwa wembamba wake na sura yenye njaa, ni mtu wa hatari. Ameshaona, kwani Kasio ndiye anayepanga kumuua! Ila papo hapo anaongeza kwamba yeye haogopi, maana yeye ni Kaizari. Insha yako ianzie hapo, si kwenye radi (radi kila mtu anaiandika).

Kisha njoo kwenye ndoto ya Kalpurnia, sanamu ya mumewe ikitiririka damu. Kaizari anakubali kubaki nyumbani. Desio, mwenzake Kasio katika njama, anaigeuza tafsiri: damu hiyo ni uhai wa Roma. Halafu anadokeza kuwa Seneti imeamua kumpa taji, na kwamba watamcheka akizuiwa na ndoto ya mke. Kaizari anaagiza joho lake, anatoka. Onyesha wazi kwamba kilichomtoa ni sifa, taji na kuogopa kuchekwa. Barua ya Artemidoro ya kumwonya kuhusu njama hiyo inatosha sentensi moja: Kaizari anakataa kuisoma kwa majivuno yaleyale.