Hoja 14, zote "hatari kubwa"

"Ripoti yangu ya ukaguzi wa ndani ina hoja 14, zote nimeziwekea hatari kubwa, lakini menejimenti haijafanyia kazi hata moja. Nakosea wapi?"

Kwenye madaraja ya hatari. Zote zikiwa juu, mkurugenzi hana pa kuanzia. Wapo wanaoshauri kuongeza muhtasari wa ukurasa mmoja; wako sahihi nusu tu, maana kuzibana hoja 14 hakuzipunguzi.

Zipange kwa chanzo. Tuseme tano zinahusu malipo: ankara zilizolipwa mara mbili, msambazaji asiye na mkataba, na kadhalika. Zote zimetokana na mtu mmoja kusajili wasambazaji na kuidhinisha malipo yao. Hiyo ni hoja moja, na hiyo ndiyo ya hatari kubwa. Matukio yale matano ni ushahidi wake, yaweke ndani.

Kwenye muhtasari usiandike "udhibiti ni dhaifu." Andika: "Ankara 3 zimelipwa mara mbili kwa sababu mtu mmoja anasajili na kuidhinisha. Meneja wa fedha atenganishe majukumu hayo kufikia tarehe 30." Tarehe kubalianeni naye kabla ripoti haijatoka, la sivyo ataipinga.

Ila ukihisi wizi, usisubiri ripoti. Mwone mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi mara moja.