Demareji ya makosa ya wakala wako usiilipe kimya kimya

Kwa nyie mnaoanza kuagiza mzigo kupitia bandari ya Dar, leo nawapa kisa kimoja tu cha kontena langu la futi 20 la vigae kutoka China, maana bili ya mwisho iliniumiza kichwa na niligombana nayo mpaka nikapata sehemu kubwa ya hela yangu. Kampuni ya wakala sitaitaja jina, tumeshamalizana nao.

Kwanza mjue kwenye bili ya kuchelewa kuna hela mbili tofauti, wageni wengi wanazichanganya na wakala anawaacha wazichanganye. Storeji ni ya yard, yaani bandari au bandari kavu, inahesabu mpaka kontena linatoka geti. Demareji ni ya shipingi laini mwenye kontena lake, na kwa namna tunavyochajiwa hapa Dar inaendelea kuhesabu hata kontena likiwa uani kwako mpaka ulirudishe tupu. Zote zina siku za bure, na kila mmoja ana tarifa yake, kwa hiyo ukiletewa invoisi yenye mstari mmoja "port charges" usianze kubishana bei, omba kwanza invoisi ya shipingi laini yenyewe na invoisi ya yard yenyewe. Sio ile aliyoichapa wakala.

Sasa kisa. Drafti ya BL, ile hati ya kusafirishia mzigo, niliiangalia na kuiapruvu kwa imeili, ilikuwa na boksi 1,210, sawa na invoisi na pakingi listi. Tarehe 20 mwezi wa pili nikawatumia wakala dokumenti zote. Meli ikashusha tarehe 4 mwezi wa tatu, siku za bure za laini zilikuwa 7, kwa hiyo zinaisha tarehe 10. Wakala akaingiza dokumenti forodha tarehe 6, tarehe 7 zikarudishwa kwa sababu manifesti, yaani orodha ya mzigo inayopelekwa forodha, waliyoingiza wao wenyewe ilisema boksi 1,120. Mtu kageuza namba wakati anachapa, basi. Mimi naambiwa "sistimu ya TRA iko slow bosi, vumilia" mpaka tarehe 11. Ombi la kurekebisha manifesti wamelipeleka tarehe 12, likakubaliwa 17, asesimenti ya ushuru ikatoka 18. Ushuru nikalipa 20, kontena likatoka 21, nikalirudisha tupu 23.

Ile tarehe 20, kabla kontena halijatoka, wakala wakagoma kutoa delivari oda, yaani kibali cha kuchukua kontena, mpaka nilipe demareji yote waliyokadiria: siku 13 (kuanzia 11 mpaka 23) mara dola 40, jumla dola 520.

Hapa ndo wengi wanakosea. Unakasirika, unasema silipi, mzigo unabaki bandarini wiki mbili nyingine, na hizo wiki mbili ni zako, hata ukija kushinda hoja utaambiwa ungeweza kuutoa ukakataa. Nilichofanya nililipa, ila kabla ya kulipa nikatuma imeili fupi: "Nalipa dola 520 ili mzigo utoke na gharama zisiongezeke. Sikubali kwamba deni hili ni langu, kuchelewa kumetokana na kosa la manifesti mliyoingiza nyie, na nitadai kurudishiwa." Nikaomba na risiti ya EFD. Wasap pekee isikutoshe, meseji zinafutwa, na yule jamaa wa Wasap kesho anaweza kuwa hayupo kazini.

Mzigo ulivyotoka ndo nikakaa na kalamu. Usiandike malalamiko marefu ya jinsi walivyokutesa, chora mstari wa tarehe, kila tukio na ushahidi wake pembeni. Ushahidi uliobeba kesi yangu ni vitu vitatu tu: ile drafti niliyoiapruvu yenye 1,210, skrini ya sistimu inayoonyesha sababu ya kurudishwa na tarehe yake, na tarehe ya ombi la marekebisho. Hiyo skrini waombe mapema, wakati bado wanakuita bosi. Ikionyesha tarehe 7 na wao wamekuambia tarehe 11, hadithi ya sistimu kuwa slow imekufa hapohapo.

Halafu jiulize kwa haki, wasingekosea ingekuwaje? Mimi nilijihesabia asesimenti ingetoka tarehe 8 badala ya 18. Nikaacha zile siku mbili nilizochelewa kulipa ushuru kwa sababu hela ilikuwa haijaingia, na siku mbili za kushusha na kurudisha kontena, hizo ni zangu sibishani. Maana yake ningelipa 10, ningetoa 11, ningerudisha tupu 13. Kwa hiyo hata bila kosa lao ningechajiwa siku 3. Ukidai zote 13 wanashika hizo 3 wanakupiga nazo kichwani, wewe ndo unaonekana mjanja mjanja.

Invoisi halisi ya laini ilivyokuja, kumbe tarifa ni ya ngazi: siku 7 za kwanza baada ya zile za bure dola 20, zinazofuata dola 40. Siku 13 ni 140 kujumlisha 240, yaani 380, sio 520! Dola 140 ilikuwa imeongezwa tu njiani. Hiyo walirudisha siku hiyohiyo, bila hata salamu.

Kwenye iliyobaki wakaja na hesabu yao, siku 10 mara dola 20, tunakupa 200. Angalia sana hapa. Siku walizochelewesha wao ndo zimenisukuma mpaka ngazi ya dola 40. Bila wao ningelipa siku 3 mara 20, dola 60. Nimelipa 380. Tofauti ni 320 na hiyo ndo hasara waliyosababisha, sio wastani, sio bei ya chini. Storeji nayo niliifanya hivyohivyo, ila ile inaishia tarehe 21 kontena lilipotoka geti, msije mkahesabu mpaka 23.

Kuna kesi hutashinda, niseme ukweli. Kama drafti ya BL ililetwa na kosa ukajibu "ok" bila kusoma, umejifunga. Kama namba iliyokosewa imetoka kwenye invoisi ya sapulaya wako, dai huko. Na soma masharti yaliyo nyuma ya kotesheni ya wakala, mara nyingi kuna muda wa kupeleka dai na kikomo cha atakacholipa, kwa hiyo dai likae mezani kwao mapema. Mimi nililipeleka siku 4 baada ya kurudisha kontena. Pia mwambie wakala aombe punguzo kwa shipingi laini, wakati mwingine wanapunguza, na yeye ndo ana jina pale kuliko wewe.

Kwenye 320 tulimalizana kwa 280, wakaikata kwenye ada yao ya mzigo uliofuata, na makubaliano nikayataka kwa maandishi. Wakati napitia invoisi yao ya mwisho nikaona mstari mmoja "dokumentesheni ya ziada", nikauliza ni ya nini. Ilikuwa ada ya kurekebisha ile manifesti yao. Wakaifuta bila kujibu.