Mteja wa kila mwezi anazidi kuongeza kazi: namwachaje bila kupoteza hela ya mwisho?

*Dada, shikamoo. Nadizaini grafiki Dar. Nina mgahawa unaonilipa laki nane kila mwisho wa mwezi kwa posti 12 na mabango mawili. Sasa wananitumia menyu, fulana za wahudumu, video za status, hata kadi ya harusi ya bosi, yote kwa "ndogo tu hiyo". Nimeongea nao mara mbili, wanakubali, wiki mbili baadaye tunarudi palepale. Nataka kuondoka. Naogopa wakinuna hawatanilipa mwezi wa mwisho.*

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kuandika chochote, fungua WhatsApp uhesabu saa zako za mwezi uliopita. Tuseme kazi mliyokubaliana inakula saa 20. Hapo unalipwa Sh 40,000 kwa saa. Ukikuta umefanya saa 46, umelipwa kama Sh 17,400. Hesabu hii usimpelekee mteja. Ni yako, kwa ajili ya siku atakayokuambia "basi tukuongezee laki moja". Laki tisa kwa saa 46 ni chini ya Sh 20,000 kwa saa, yaani bado hujafika hata nusu ya bei yako.

Kisha soma mkataba. Ukitaja muda wa notisi, fuata huo. Kama haupo, au mlikubaliana kwa ujumbe tu, toa mwezi mmoja kamili, na uitume siku moja baada ya hela ya mwezi uliopita kuingia. Ukituma tarehe 25, unaacha mwezi mzima wa jasho mikononi mwa mtu aliyekasirika.

Hatari yenyewe iko kwenye mwezi wa notisi. Mteja akijua unaondoka, anakumbuka kila kitu alichowahi kukiwaza. Mimi niliwahi kuaga mteja kwa simu tu, nikaishia kutengeneza kalenda ya mwaka mzima ambayo yeye alikumbuka niliiahidi na mimi sikumbuki. Kwa hiyo notisi iandikwe, na ibebe orodha ya kazi za mwisho. Kitu kama hiki:

*"Habari za leo. Huduma yangu ya kila mwezi itaisha tarehe 30 Juni. Mwezi huu nitakamilisha posti 12, mabango mawili na menyu niliyokwisha kuianza. Kazi nyingine yoyote nitaitajia bei kabla ya kuianza. Naomba malipo ya Juni yawe nusu tarehe 3 na nusu tarehe 27. Makabidhiano ya faili ni tarehe 28. Asanteni kwa ushirikiano."*

Umeona hakuna sababu. Ukiandika "kazi zimezidi", umefungua mjadala wa kazi zipi zimezidi, na mjadala huo umeshaupoteza mara mbili. Menyu nimeiweka kwa makusudi: uliikubali, imalize. Kadi ya harusi kama hujaigusa, haimo. Ikija "ndogo tu", jibu kwa mstari mmoja: "Hiyo iko nje ya orodha ya Juni, ni Sh 120,000, nianze?" Mara nyingi utaona tiki mbili za bluu na kimya.

Wakikataa kulipa nusu mwanzoni, usigombane. Fanya kazi kwa mpangilio wa orodha, wape picha na PDF zilizokamilika, lakini faili zenye leya zibaki kwako hadi nusu ya mwisho iingie. Kuna kikomo hapa: kama mkataba unasema faili hizo ni mali yao, huna haki ya kuzishikilia, na utalazimika kudai hela yako kwa ankara na barua. Fonti ulizonunua kwa leseni yako usiwape. Waandikie majina yake wanunue zao.

Kama ukurasa wao unausimamia wewe, ingia Meta Business Suite, mpe mwenye mgahawa `Full control`, subiri aukubali mwaliko, ndipo ujitoe. Ukijitoa kwanza, ukurasa unaweza kubaki bila msimamizi, na simu zote zitakuja kwako.

Ukikuta nusu imeingia Sh 380,000 badala ya 400,000, huenda hawajakudhulumu: wanaweza kuwa wamekata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti chake sasa, ungali una faili zao mkononi. Mhasibu wa mgahawa hatakukumbuka Agosti.

Na tarehe 2 Julai bosi akikuandikia "naomba ubadilishe bei ya pilau kwenye menyu", mtajie bei na siku utakayomaliza. Akilipa, fanya.