Maswali na Majibu: Ripoti Moja, Waandishi Wengi, Marejeleo ya Namna Moja

Tuko watano. Mmoja ametumia APA, wawili Harvard, wawili wameweka namba kwenye mabano ya mraba. Tumebakiwa na siku mbili kukabidhi. Tuanzie wapi?

Kwanza kabisa, msiunganishe faili bado. Najua kishawishi ni kubandika sehemu zote pamoja ili muone ripoti imekaaje, lakini hapo ndipo kazi inapoharibika. Kila aliyetumia namba ana `[4]` yake, na `[4]` ya sehemu ya pili si chanzo kimoja na `[4]` ya sehemu ya tano. Mkishabandika, orodha zikachanganyika, hakuna atakayejua `[4]` ipi ni ya nani isipokuwa aliyeiandika, na huenda hata yeye amesahau.

Chagueni mtindo leo. Kama mwongozo wa chuo au msimamizi ametaja mmoja, mjadala umekwisha. Kama hakutaja, nendeni na wa jina na mwaka, maana kwa mitindo ya namba kama IEEE, namba hufuata mpangilio wa vyanzo kutokea kwa mara ya kwanza katika ripoti nzima. Mkihamisha aya moja kutoka sura ya nne kwenda ya pili, namba zote zinazofuata zinaweza kubadilika. Bila programu ya marejeleo, kazi hiyo kwa siku mbili haifai.

Kisha wale wawili wa namba, kila mmoja akiwa na faili lake na orodha yake mwenyewe pembeni, wageuze namba kuwa jina na mwaka. `[4]` inakuwa `(Juma, 2019)` kama chanzo cha nne ni cha Juma. Wakimaliza, ndipo mnaunganisha. Orodha tano ziwekwe sehemu moja na zipangwe kialfabeti. Hapo utaona faida mara moja: chanzo kilichotumiwa na watu watatu kitajipanga mara tatu mfululizo, kila kimoja kwa sura yake, na mtabakiza kimoja kilicho sahihi.

Halafu mtu mmoja, nasema mmoja, akague pande mbili. Atafute ndani ya maandishi `, 20` na `, 19`, kisha `(20` na `(19`, ili apate marejeleo ya miaka yaliyo ndani ya mabano na yale ambayo jina liko nje ya mabano. Kila anapokutana na rejeleo, akipake rangi chanzo chake kwenye orodha. Mwisho wa kazi, vyanzo visivyo na rangi havikutajwa popote, vitolewe. Marejeleo ambayo hakupata chanzo chake yarudi kwa aliyeandika sehemu hiyo, alete taarifa. Vyanzo visivyo na tarehe vitafutwe peke yake, kwa kuwa havina mwaka wa kunaswa.

Sisi sote tumetumia APA, tulikubaliana tangu siku ya kwanza. Bado msimamizi ameandika "mtindo haulingani". Ametuonea?

Sidhani. Mlikubaliana jina la mtindo, hamkukubaliana toleo. APA toleo la 6 lilitoka mwaka 2009, na la 7 mwaka 2019, na miongozo mingi inayozunguka kwenye makundi ya wanafunzi bado ni ya lile la zamani. Ukiijua tofauti, unaiona kwa jicho.

Tazama kwanza vitabu kwenye orodha. Penye mji kabla ya jina la mchapishaji, huyo ametumia toleo la 6. Toleo la 7 linaacha mji, linabaki na mchapishaji tu. Tazama makala za majarida: toleo la 6 huanza na `doi:` halafu namba, toleo la 7 huandika kiungo kamili kinachoanza na `https://doi.org/`. Kisha ingia ndani ya maandishi utafute kazi yenye waandishi watatu, wanne au watano. Toleo la 6 lilitaka wote watajwe mara ya kwanza ndipo wafupishwe. Toleo la 7 linafupisha tangu mara ya kwanza: jina la mwandishi wa kwanza na "na wenzake".

Jambo hili la mwisho ndilo linalosumbua zaidi vikundi, kwa sababu mwandishi wa sura ya tatu hajui kama chanzo kimeshatajwa kwenye sura ya kwanza. Toleo la 7 limewaondolea mzigo huo, na kwa kazi ya pamoja ningelichagua kwa sababu hiyo tu.

Na walio kwenye Harvard wasijione salama. Harvard haina mwongozo mmoja rasmi. Kila chuo kina Harvard yake. Wengine huweka koma kati ya jina na mwaka, wengine hawaweki. Kwa hiyo msiseme "tunatumia Harvard", semeni mnatumia mwongozo wa chuo fulani, na faili lake mliweke mahali ambapo wote wanalifikia.

Mwandishi mmoja ana ripoti mbili za mwaka uleule. Mimi nimeweka 2019a na 2019b. Mwenzangu naye ameweka, lakini a yake ni b yangu! Nani yuko sahihi?

Inawezekana nyote mlikuwa sahihi mlipokuwa mnaandika, na sasa mmoja amekosea bila kugusa chochote. Katika APA, herufi hizi hazifuati nani kakitumia chanzo kwanza. Vyanzo vya mwandishi yuleyule na mwaka uleule, vyote vikiwa na mwaka tu, hupangwa kialfabeti kwa jina la kazi, na herufi hufuata mpangilio huo. Kwa hiyo herufi inategemea orodha nzima, na ninyi hamkuwa na orodha nzima.

Tuseme Juma wa mfano wetu ana ripoti tatu za 2019, na wewe umetumia mbili: moja kuhusu mabomba, nyingine kuhusu visima. Kwako mabomba ni a, visima ni b, na ni sahihi. Mwenzako ana ya visima na nyingine kuhusu vyoo, hajawahi kuona ya mabomba. Kwake visima ni a, vyoo ni b. Naye ni sahihi kwa sehemu yake. Mkiunganisha, mabomba inakuwa a, visima b, vyoo c. Sehemu yako haibadiliki, yake inabadilika yote. Mkiacha ilivyo, msomaji atakayefuata `2019a` kwenye sehemu yake atafikishwa kwenye mabomba wakati hoja ni ya visima. Hili ni kosa zito kuliko koma iliyokaa vibaya, kwa sababu linampeleka mtu kwenye ushahidi ambao si wenyewe, na kwa macho tu ukurasa unaonekana msafi kabisa.

Dawa yake ni kutoweka herufi wakati wa kuandika rasimu. Weka alama inayotaja kazi yenyewe:

```
[Juma 2019 mabomba]
[Juma 2019 visima]
[Juma 2019 vyoo]
```

Herufi ziwekwe na mhariri wa mwisho, baada ya orodha kufungwa. Kwa kuwa alama ziko kwenye mabano ya mraba, akitafuta `[` anazipata zote.

Tunatumia programu ya marejeleo ya Zotero, tulidhani itatuokoa. Baada ya kuunganisha, chanzo kimoja kinaonekana mara mbili, kimoja 2019a kingine 2019b, na pengine mwandishi ametokea na herufi ya jina la kwanza. Tatizo nini?

Kila mmoja wenu aliingiza chanzo kutoka maktaba yake binafsi. Zotero haisomi kama binadamu. Inaona rekodi mbili, inahesabu kazi mbili za mwandishi mmoja mwaka mmoja, inaweka herufi kama mtindo unavyotaka. Ile herufi ya jina la kwanza nayo ina sababu: rekodi moja ina "Juma, A." na nyingine "Juma, Ali", basi inadhani ni watu wawili na inajaribu kuwatofautisha.

Fungueni maktaba ya kikundi, wote wahamishie vyanzo vyao humo. Ndani yake kuna `Duplicate Items`: chagueni zinazofanana, muunganishe, na mrekebishe majina ya waandishi yawe namna moja. Ila kuunganisha humo hakurekebishi marejeleo yaliyokwisha kuingizwa kutoka maktaba binafsi. Hayo bonyezeni moja baada ya jingine, `Add/Edit Citation`, mtoe la zamani, mchague lililo kwenye maktaba ya kikundi. Mkimaliza, `Refresh`.

Msirekebishe orodha ya marejeleo kwa mkono ndani ya Word. Ikijisasisha, masahihisho yenu yanafutika. Rekebisheni rekodi kwenye Zotero. Na rejeleo ambalo ukilibonyeza haligeuki kijivu, huenda limeshakuwa maandishi ya kawaida, kwa kawaida kwa sababu sehemu hiyo ilinakiliwa kutoka programu nyingine. Hilo liingizwe upya.

Ripoti yetu ni ya Kiswahili. Mmoja kaandika WHO, mwingine Shirika la Afya Duniani, mwingine jina la Kiingereza. Yote si yaleyale?

Kwa maana ni yaleyale, kwa orodha ni vyanzo vitatu vilivyo kwenye herufi W na S. Msomaji akitafuta Shirika la Afya Duniani kwenye S na nyinyi mmeorodhesha World Health Organization kwenye W, amepotea.

Ushauri wangu: kwenye orodha fuateni jina lililochapishwa kwenye waraka wenyewe. Waraka ukiwa wa Kiingereza, jina libaki hivyo. Katika maelezo yenu ya kawaida andikeni Kiswahili mpendavyo, lakini ndani ya mabano jina lifuate orodha. Kifupisho kielezwe mara moja tu, pale kinapotokea kwanza katika ripoti nzima. Kila sura ikikieleza upya, msomaji anajua papo hapo kwamba imeandikwa na watu tofauti.

Amueni pia kati ya "na" na `&`, "na wenzake" na `et al.`, "uk." na `p.` Ripoti ya Kiswahili ichukue ya Kiswahili yote, kama chuo hakikatazi. Kuchanganya nusu kwa nusu ndiko kunakoumiza macho.

Mwenzetu mmoja haandiki namba za kurasa anaponukuu, anasema ataweka mwisho. Tumsubiri?

Hapana. Mhariri anaweza kurekebisha koma, mabano na mpangilio bila kumwona mwandishi, lakini namba ya ukurasa anaijua aliyekuwa na kitabu mkononi. Mwambieni aweke leo, angalau kwenye maneno aliyonukuu neno kwa neno. Nukuu isiyo na ukurasa ikifika kwa mhariri, aipake rangi nyekundu na kuirudisha kwake siku hiyohiyo. Asipopata ukurasa, aieleze hoja kwa maneno yake mwenyewe, aondoe alama za kunukuu, abakize jina na mwaka.