Goal Seek ikigoma, kagua fomula kwanza

Msomaji mmoja anayenunua viazi mviringo Uyole na kuvishusha Dar amenitumia faili lake la Excel na ujumbe mfupi: "Kaka, nataka faida ya milioni tano. Nipakie gunia ngapi? Goal Seek imekataa kabisa." Namjibu hapa hadharani, kwa sababu mafaili ya namna hii yamejaa kwa wafanyabiashara wa Mbeya, Njombe na Iringa, na karibu yote yana ugonjwa uleule.

Faili lenyewe ni dogo. B1 ni idadi ya gunia. B2 ni bei ya kununua, 60,000. B3 ni bei ya kuuza, 95,000. B4 ni gharama ya lori kwa safari moja, 2,000,000, na B5 ni uwezo wa lori, gunia 100. Faida iko B6:

```
=ROUND(B1,0)*(B3-B2)-ROUNDUP(B1/B5,0)*B4
```

Kibiashara fomula hii haina kosa. Gunia huhesabiwa zima zima, na lori la nne likiitwa kwa gunia moja tu, mwenye gari anataka hela yake yote. Ndugu yetu akafungua Data, What-If Analysis, Goal Seek, akajaza B6 kwenye Set cell, 5000000 kwenye To value, na B1 kwenye By changing cell. Jibu likawa:

```
Goal Seeking with Cell B6 may not have found a solution.
```

Watu husoma sentensi hiyo, wanakata tamaa na kufunga. Soma mistari miwili iliyo chini yake, Target value na Current value, maana pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linalokuonyesha tatizo. Ukirudia kutoka namba tofauti ya kuanzia, na pengo likabaki kubwa huku Current value ikirukaruka, ujue kuna ngazi ndani ya fomula, yaani mahali jibu linaporuka ghafla badala ya kusogea taratibu.

Goal Seek haijui viazi wala lori. Inajaribu namba, inajaribu nyingine ya jirani, inaangalia jibu limesogea upande gani, kisha inakisia hatua inayofuata. Inataka faida ipande au ishuke taratibu, kama barabara isiyo na matuta. Sasa tazama kinachotokea B1 ikiwa 300. Faida ni 4,500,000. Weka 300.3: ROUND inairudisha 300, lakini ROUNDUP tayari imeshaita lori la nne, na faida inaporomoka hadi 2,500,000. Kwa macho ya Goal Seek, kuongeza gunia ni kupata hasara. Weka 350 halafu 350.3, faida haitikisiki hata shilingi. Hapo inakosa pa kuelekea.

Na hata ikibahatika kufika jirani, haiwezi kulipata lengo lenyewe. Gunia 371 zinatoa 4,985,000 na gunia 372 zinatoa 5,020,000. Katikati hakuna kitu, kwa hiyo milioni tano kamili haimo kwenye faili hili. Wapo wanaopandisha Maximum Iterations kutoka 100 hadi 10,000 wakidhani kompyuta haikupewa muda wa kutosha. Wanapoteza muda wao. Jibu lisilokuwepo halipatikani kwa kulitafuta mara nyingi zaidi.

Dawa ni kuondoa ngazi wakati wa kutafuta, kisha kuzirudisha kwa mkono. Andika idadi ya malori kama namba ya kawaida kwenye B7, na faida iwe hivi:

```
=B1*(B3-B2)-B7*B4
```

Anza na malori 3. Goal Seek itakupa gunia 314.29, nazo hazienei kwenye malori matatu, kwa hiyo jibu hilo litupe. Weka 4. Utapata 371.43, iliyo juu ya 300 na chini ya 400, na hilo linakubalika. Panda hadi 372, kisha irudishe kwenye fomula ya zamani uone 5,020,000. Usishangae ukiweka malori 5 na kupata 428.57, nayo ikakubalika pia. Lengo hili lina majibu zaidi ya moja, na Goal Seek hukupa moja tu, kutegemea idadi ya malori uliyoweka B7. Kuchagua lenye mtaji mdogo ni kazi yako.

Shida ya pili ni ya kimyakimya, na kwangu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu Goal Seek inasema imepata. Tuseme gunia ni zile 372, malori 4, na sasa unataka kujua ununue kwa bei gani ili faida iwe asilimia 15 ya mauzo. Unaweka lengo 0.15. Goal Seek husimama ikifika ndani ya Maximum Change, ambayo kwa kawaida ni 0.001. Kwenye shilingi, 0.001 si kitu. Kwenye uwiano ni nyingi: mauzo ni 35,340,000, na elfu moja ya hapo ni 35,340, yaani shilingi 95 kwa kila gunia. Bei sahihi ni 59,244.62, lakini chochote kati ya takriban 59,150 na 59,340 kinahesabiwa kuwa kimefika. Usiende shambani kubishana bei na namba ya namna hiyo.

Unaweza kupunguza Maximum Change hadi 0.000001 kwa kupitia File, Options, Formulas. Mimi napendelea kuliweka lengo kwa shilingi. Tengeneza seli ya pengo, mauzo yakiwa B8 na faida B6, kisha iambie Goal Seek iifikishe 0:

```
=B6-0.15*B8
```

La mwisho ni mzunguko. Faili lilelile lina mkopo ambao ada yake ya asilimia 3 inakatwa humohumo kwenye mkopo: mkopo ni manunuzi jumlisha ada, na ada ni asilimia 3 ya mkopo. Ndugu yetu ametia tiki Enable iterative calculation ili Excel iache kulalamika. Kwa manunuzi ya 22,320,000 mzunguko huu unatulia haraka: 22,989,600, kisha 23,009,688, kisha 23,010,290.64, ukielekea 23,010,309.28. Lakini kila Goal Seek inapobadili namba, mzunguko unaanzia kwenye mabaki ya jaribio lililopita. Na jaribio moja likizaa #DIV/0! ndani ya mzunguko, kosa hilo linajilisha lenyewe, na halitoki hata ukirudisha namba nzuri, mpaka uifute fomula na kuiandika upya. Tena tiki ile inaficha mizunguko mingine uliyoingiza kwa bahati mbaya.

Mzunguko wa ada hauhitaji kuzungushwa. Manunuzi yakiwa B10 na kiwango cha ada, 3%, kikiwa B11, andika mkopo hivi, kisha ondoa tiki:

```
=B10/(1-B11)
```

Excel ikirudi kulalamika kuhusu circular reference baada ya hapo, kuna mzunguko mwingine umebaki. Fungua Formulas, Error Checking, Circular References, itakutajia seli yenyewe.